Idjwi: «Tumbo linakaza, ni mazoezi ao ni uchungu wa kweli?» Barua ya mama mjamzito kwa mkunga

Barua ilifika kwenye kituo cha afya saa 4 asubuhi, imekunjwa mara nne, mkononi mwa mtoto wa miaka 12 aliyekuwa ametembea kwa miguu saa moja na nusu. Ilikuwa karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari ya shule. Kijijini alikotoka, kusini mwa kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu, rezo ya simu inapatikana ukipanda juu ya kilima tu, na siku hiyo simu ya mama mwenyewe haikuwa na unite. Ndiyo maana aliandika.

«Jambo mama mkunga», barua inaanza. «Ni mimi uliyenizalisha mtoto wa kwanza, yule kijana. Tangu jana jioni tumbo linakaza. Linakuwa gumu kama jiwe, kisha linaachia. Haliumi sana, lakini linanishtua. Kuanzia chakula cha jioni mpaka jogoo wa kwanza nimehesabu mara 7. Mtoto anacheza. Niko mwezi wa tisa. Nauliza kama haya ni mazoezi tu ya tumbo ao ni uchungu wa kweli, kwa sababu kuja huko usiku ni mbali na bwana yangu anavua sambaza, harudi mpaka asubuhi. Mama mkwe amekwisha kuchemsha dawa ya miti ya kusukuma uchungu. Iko kwenye kikombe. Niinywe ao niache? Nijibu mbio. Aksanti.»

Chini aliandika tarehe: 23 Septemba.

Mkunga huyo, mwenye zaidi ya miaka kumi katika kazi ya kuzalisha, bado anaiweka barua hiyo ndani ya saraka ya meza yake, pamoja na nakala ya jibu alilotoa. Yeye na mama aliyemwandikia wamekubali habari yao isimuliwe bila kutaja majina.

Barua inaeleza jana, si leo

Jambo la kwanza lililomsumbua mkunga halikuwa tumbo. Lilikuwa saa. Mama aliandika alfajiri, mtoto akatembea, barua ikasomwa saa 4. Jibu nalo lingefika kijijini karibu na saa 6 mchana. Katika muda huo wote hali ingeweza kubadilika kabisa. Uchungu wa mtoto wa pili mara nyingi unakwenda haraka kuliko wa kwanza, na tumbo lililokuwa likikaza polepole usiku lingeweza kuwa limefika mbali mchana.

Kwa hiyo jibu halikuanza na maelezo. Lilianza hivi: «Mama, kabla ya kusoma mengine jiangalie. Kama damu inatoka, kama maji yamepasuka, kama tumbo linauma bila kuachia hata kidogo, kama mtoto ameacha kucheza, kama kichwa kinakupiga sana na macho yanaona giza, ao kama una homa, acha kusoma. Njoo sasa hivi, hata kwa tipoyi. Na kile kikombe cha dawa, kimwage.»

Ni baada ya hapo tu ndipo alipoanza kujibu swali lenyewe.

Miezi 9 ya mama na wiki za mkunga

Mama aliandika kwamba yuko mwezi wa tisa. Kwa watu wengi maneno hayo yanamaanisha mtoto amekomaa, anaweza kuzaliwa wakati wowote. Mkunga hakutosheka nayo. Alifungua rejista ya CPN, yaani ya wanawake wanaopimwa wakati wa mimba, akatafuta tarehe ambayo hedhi ya mwisho ilianza. Ilikuwa tarehe 10 Januari.

Hesabu yake ni rahisi na mtu yeyote anaweza kuifanya. Kwenye tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho unaongeza siku 7, kisha unaongeza miezi 9. Tarehe 10 inakuwa 17, na Januari inakuwa Oktoba. Basi mama huyu alitazamiwa kuzaa karibu na tarehe 17 Oktoba, siku ambayo mimba inatimiza wiki 40. Kutoka 23 Septemba mpaka 17 Oktoba zinabaki siku 24, yaani wiki 3 na siku 3. Mimba ilikuwa na wiki 36 na siku 4.

Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyobadilisha jibu. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia anahesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati. Anaweza kuwa na shida ya kupumua, ya kunyonya na ya kutunza joto la mwili. Kwa mwanamke aliyepita wiki 37, mkunga anaweza kusema: kaa nyumbani, hesabu, tuone. Kwa yule ambaye bado, tumbo linalokaza kwa mpango halingojewi nyumbani. Kipimo alichompa kilikuwa kikali zaidi: «Ukihesabu mara 4 ao zaidi ndani ya saa moja, hata kama hauumwi, njoo.»

Mara 7 kwa usiku mzima, kwa mapumziko yasiyolingana, zilikuwa chini ya kipimo hicho. Hilo lilimpa mkunga matumaini, lakini si uhakika.

Tumbo linafanya nini linapokaza

Mfuko wa uzazi ni msuli. Kama msuli wowote, unajikunja na kulegea, na unafanya hivyo miezi mingi kabla ya siku ya kuzaa. Mwanzoni mama hasikii kitu. Karibu na mwisho wa mimba anaanza kusikia tumbo linakuwa gumu kwa nusu dakika ao zaidi, kisha linalainika. Mwaka 1872 daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliandika juu ya kukaza huku, na mpaka leo waganga wanakuita kwa jina lake. Wakunga wengi wanasema tu «mazoezi».

Mkunga wa Idjwi anaeleza tofauti kwa kutumia mfuko wa unga uliofungwa mdomo kwa kamba. Wakati wa mazoezi, mfuko unabanwa lakini kamba haijalegea, kwa hiyo hakuna kinachotoka. Katika uchungu wa kweli, kila mkazo unavuta mdomo wa mfuko, unaufanya kuwa mwembamba na kuufungua sentimita kwa sentimita, mpaka 10. «Ugumu wa tumbo hauniambii kitu peke yake», anasema. «Ninachotaka kujua ni kama mlango unafunguka.»

Mlango huo hauonekani kwa barua. Lakini kuna alama ambazo mama anaweza kuzifuata mwenyewe nyumbani, na jibu liliziandika moja moja.

Alama ya kwanza ni mpango. Mazoezi hayana mpango: linakaza sasa, tena baada ya dakika 25, kisha baada ya 12, kisha saa nzima inapita. Uchungu wa kweli unakaribiana. Kila mkazo unakuja mapema kidogo kuliko uliotangulia, unadumu zaidi, na unaumiza zaidi.

Alama ya pili ni mahali. Mazoezi mara nyingi yanasikika mbele, kama mkanda uliokazwa kwenye tumbo. Uchungu wa kweli mara nyingi unaanzia kiunoni nyuma na kuzunguka kuja mbele. Mkunga anaonya kwamba alama hii si ya wote. Kuna wanawake ambao uchungu wao wote uko chini ya tumbo, na wengine wote uko mgongoni.

Alama ya tatu ndiyo anayoiamini zaidi: mkazo unajibu nini mama akibadilisha anachofanya. Mwili uliokauka maji, kibofu kilichojaa, kazi nzito ya mchana, vyote vinaweza kuamsha mfuko wa uzazi. Kwa hiyo alimwandikia hivi: «Nenda kukojoa. Kunywa vikombe viwili vya maji. Lala kwa ubavu wa kushoto saa moja. Kama ulikuwa umelala, simama utembee polepole. Mazoezi yatapungua ao yatakwisha. Uchungu wa kweli haujali. Ulale ao utembee, unaendelea.»

Hapo mama alikumbuka jambo ambalo hakuliandika. Jioni ile, kabla ya chakula, alikuwa amepanda kutoka ziwani na bidoni ya lita 20 kichwani, mara mbili.

Pua, kidevu, paji la uso

Wanawake wengi wanasema tumbo «linakuwa jiwe», na kwa mkunga neno hilo halitoshi. Alimfundisha njia ambayo wanafunzi wa ukunga wanajifunza. Weka vidole juu ya tumbo, sehemu ya juu karibu na kifua, na usivitoe. Mkazo ukija, bonyeza kidogo. Tumbo likibonyea kama ncha ya pua, mkazo ni mdogo. Likiwa kama kidevu, ni wa kati. Likiwa kama paji la uso, ambalo halibonyei kabisa, mkazo ni wa nguvu.

Namna ya kuhesabu nayo inataka uangalifu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakosea. Dakika kati ya mkazo na mwingine hazihesabiwi kuanzia mmoja unapoisha. Zinahesabiwa kuanzia mmoja unapoanza mpaka mwingine unapoanza. Anayehesabu vibaya anadhani uchungu umekaribia kuliko ulivyo. Kisha kuna urefu wa mkazo wenyewe, kutoka tumbo linapoanza kukaza mpaka linapolegea. Saa ya simu inatosha kwa yote mawili, hata simu isiyo na unite. Jibu lilikuwa na mistari miwili iliyochorwa kwa rula: upande mmoja «saa ilipoanza», upande wa pili «imedumu sekunde ngapi».

Kikombe cha mama mkwe

Swali la dawa ya miti lilichukua nafasi kubwa katika jibu, na mkunga aliliandika kwa heshima, akijua kwamba karatasi ile ingesomwa na mama mkwe pia. Hakusema kwamba dawa za wazee hazina nguvu. Alisema kinyume: baadhi yake zina nguvu nyingi, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Mfuko wa uzazi unapojikunja, damu inayopelekea mtoto hewa inapungua kwa muda. Unapolegea, damu inarudi na mtoto anapumzika. Dawa inayosukuma mfuko bila kipimo inaweza kuufanya ukaze mkazo juu ya mkazo, bila kupumzika. Mtoto anakosa hewa. Mfuko wenyewe unaweza kupasuka, zaidi kwa mwanamke aliyewahi kupasuliwa ili azae. Hospitalini pia kuna dawa ya kuongeza uchungu, lakini inatolewa kwa matone yanayohesabiwa na mtu aliyesimama pembeni, anayeweza kuifunga mara moja. Kilichokwisha kunywewa kutoka kikombe hakiwezi kufungwa.

Kulikuwa na sababu nyingine, ya wazi zaidi. Kama yale yalikuwa mazoezi, dawa ingemtoa mtoto ambaye siku zake hazijatimia. Kama ulikuwa uchungu wa kweli, haukuhitaji kusukumwa.

Mama mkwe, anasimulia mama huyo akicheka, alisikiliza jibu likisomwa mpaka mwisho, akachukua kikombe, akaenda kukimwaga nyuma ya choo bila kusema neno.

Barua si kipimo

Mwisho wa jibu mkunga alimwomba aje kesho yake asubuhi, kwa mwendo wa polepole, hata kama tumbo limetulia. Wiki 37 zilikuwa bado, na kuna magonjwa mawili ambayo yanaweza kujificha nyuma ya tumbo linalokaza: malaria, na maambukizo ya njia ya mkojo. Yote mawili yanaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Maambukizo ya mkojo wakati mwingine hayaleti hata maumivu wakati wa kukojoa, mama asidhani kwamba anaumwa.

Alikuja. Saa moja ya kulala kwa ubavu, alieleza, ilitosha. Tumbo lilikaza mara moja tu, kisha likanyamaza. Mkunga alimpima joto na shinikizo la damu, vyote vilikuwa sawa. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha hana, na karatasi ya kupimia mkojo haikuonyesha ugonjwa. Kwa pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto alihesabu mapigo 140 kwa dakika, ndani ya kiwango cha kawaida cha 110 mpaka 160. Kichwa kilikuwa chini. Alipopima mlango wa uzazi aliukuta umefungwa, bado mnene.

Yalikuwa mazoezi. Lakini mkunga anasisitiza kwamba alilijua hilo siku ya pili, si alipokuwa akisoma barua. «Kwa karatasi ninaweza kumwambia mtu atazame nini na akimbie wakati gani. Siwezi kumwambia kwamba hana uchungu.»

Kabla hajarudi nyumbani walipanga pamoja safari ya siku yenyewe. Katika miji, wanawake wengi wanaambiwa waende wakati mikazo inakuja kila dakika 5. Kwake, kwa mtoto wa pili na mwendo wa saa moja na nusu, kungoja dakika 5 kungekuwa kuzaa njiani. Walikubaliana: mikazo ikija kila dakika 10 ao chini kwa mpango, hata bila kutimiza saa, aondoke. Maji yakipasuka, aondoke hata bila mkazo. Na bwana yake asiende kuvua mbali kuanzia tarehe 1 Oktoba.

Tarehe 9 Oktoba

Siku 16 baada ya barua, mimba ikiwa na wiki 38 na siku 6, tumbo lilianza tena. Safari hii mama alichukua karatasi ileile yenye mistari miwili. Alikojoa, akanywa maji, akalala kwa ubavu wa kushoto, akaanza kuandika.

Mkazo wa kwanza aliouandika ulianza saa 10 kamili jioni, ukadumu sekunde 30. Wa pili ulikuja saa 10 na dakika 14, kisha 10 na dakika 27. Alisimama, akatembea uani. Haukukwisha. Saa 10 na dakika 38 ulikuja tena, na 10 na dakika 49, sasa ukianzia kiunoni. Uliofuata ulikuwa saa 10 na dakika 58, na mwingine saa 11 na dakika 7.

Karatasi hiyo pia iko ndani ya saraka, na hata mtu asiye mganga anaweza kuisoma. Dakika kati ya mkazo na mwingine zilikuwa 14, 13, 11, 11, 9 na 9. Sekunde zilipanda kutoka 30 mpaka 50. Pembeni ya mkazo wa mwisho mama ameandika neno moja: «paji».

Mama aliona pia ute mzito wenye alama ya damu kidogo. Ute huo ndio uliokuwa umeziba mlango wa uzazi, na kutoka kwake wakati wa mikazo kama hiyo kunaonyesha kwamba mlango umeanza kusogea. Si sawa na damu inayotiririka, ambayo ni hatari na haingojewi hata dakika.

Saa 11 na robo aliingia mtumbwini na bwana yake na mama mkwe, kwa sababu kupita kandokando ya ziwa kulikuwa kwepesi kuliko kupanda vilima. Upepo wa jioni ulikuwa mdogo. Walifika kituoni saa 12 na dakika 10. Mkunga alipima: sentimita 5, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwanzo wa uchungu uliochangamka. Maji yalipasuka saa 2 kasoro dakika 10, meupe na safi. Saa 2 na dakika 40 usiku alizaliwa msichana wa kilo 3 na gramu 100, akalia mara moja.

Kama wangeondoka wakati mikazo inakuja kila dakika 5, kwa hesabu ya mkunga, mtoto huyo angezaliwa juu ya maji, gizani.

Kwenye ukuta wa chumba cha CPN sasa kuna karatasi iliyochorwa kwa mkono, yenye mistari miwili na vichwa vitatu vya watu: mmoja ananyoosha kidole kwenye pua, wa pili kwenye kidevu, wa tatu kwenye paji la uso. Kila mwanamke aliyefikisha wiki 34 anapewa karatasi tupu ya kwenda nayo nyumbani. Mama mkwe wa Idjwi ndiye aliyependekeza mahali pa kuiweka ili isipotee: kwenye rafu ya jikoni, pale kilipokuwa kikombe.